Hotuba ya dakika saba: abstraksheni kwa mwaka wa kwanza, kwa kutumia rimoti ya runinga. Naombeni mnikosoe kabla ya Jumamosi

Kijana wa Mabibo · Jumatatu, saa 3:10 usiku

Wakuu, salaam. Niko mwaka wa tatu, sayansi ya kompyuta, hapa Dar. Kila muhula sisi wa juu tunawafanyia mwaka wa kwanza vipindi vya marudio siku ya Jumamosi, na tunavifanya kwa Kiswahili, kwa sababu darasani kila kitu ni Kiingereza na kuna wanaotoka wamenakili ubao mzima bila kushika kitu. Safari hii nimepangiwa abstraksheni. Nina dakika saba, ukumbi wa watu kama themanini, na rimoti moja mkononi. Hotuba niliyoandika ni hii hapa, nitaisoma karibu neno kwa neno.

> Habari za asubuhi ndugu zangu. *(Nanyanyua rimoti.)* Hiki ni nini? *(Wanajibu.)* Nani hapa amewahi kukifungua akaona ndani? Nani anaweza kuniambia kuna nini humo? Mnaona, wengi wetu hatujui. Lakini jana usiku nyote mlibadili chaneli.
>
> Ukibonyeza kitufe cha sauti, rimoti inatuma mawimbi ya redio, runinga inayapokea, sauti inapanda. Hujui mawimbi yale yana masafa gani. Hujui ndani ya runinga kuna saketi gani. Hujui, na huna haja ya kujua. Hiyo ndiyo abstraksheni: kuficha yaliyo ndani, kuonyesha vitufe tu.
>
> Sasa tazameni msimbo huu.

```java
class Runinga {
    private int sauti = 10;
    public void ongezaSauti() {
        if (sauti < 100) sauti++;
    }
}
```

> Mmeliona neno `private`? Hilo ndilo ganda la rimoti. Na `ongezaSauti` ndicho kitufe. Mtumiaji anagusa kitufe, hagusi namba iliyo ndani.

Baada ya hapo naruhusu maswali. Naombeni mnipige msasa bila huruma. Mwaka jana aliyefundisha mada hii aliulizwa swali moja tu akakwama, na sitaki niwapotezee muda wale vijana.

---

Kaka Msimbo · saa 3:32 usiku

Mkuu iko vizuri sana, usiiguse. Abstraksheni ni `private`, basi. Ukiona `private` ujue kuna kitu kimefichwa, na kufichwa ndiko kunakoulizwa kwenye mtihani. Waambie wakariri hivyo na watapata maksi zao. Rimoti ni mfano mzuri kwa sababu kila mtu anayo nyumbani.

---

Mama Ilham · saa 4:05 usiku

Jamani hapo kwenye rimoti mmenigusa. Yangu nabonyeza sauti, namba kwenye kioo inapanda mpaka 60, lakini mtu anaongea kama yuko Kigamboni na mimi niko Posta. Betri nimenunua mpya leo. Ni rimoti imekufa au ni spika za tivii? Taarifa ya habari ya saa 2 yote sikusikia.

---

Fundi Runinga Kkoo · saa 4:20 usiku

Mama Ilham, rimoti yako ni nzima, namba isingepanda kama imekufa. Unatumia king'amuzi? Chukua rimoti ya king'amuzi, siyo ya tivii, pandisha sauti kwa hiyo. Naweka dau king'amuzi kimeshushwa mpaka 5 au 6, labda na mtoto. Tivii inakuza kile inacholetewa. Ukiiletea mnong'ono itakuza mnong'ono.

Na wewe kijana wa hotuba, kuna kosa ukilisema mbele ya watu utaaibika. Rimoti za kawaida hizi hazitumii mawimbi ya redio. Ni mwanga. Pale mbele kuna kitaa kidogo kinachotoa mwanga wa infraredi ambao jicho halioni. Ndiyo maana mtu akisimama mbele ya tivii rimoti haifiki. Ingekuwa redio ingepita tu, kama mawimbi ya stesheni ya redio yanavyokufikia chumbani. Zipo rimoti mpya za kuongea nazo ambazo zinatumia redio kweli, lakini hiyo uliyoshika, kama haina kitufe cha maikrofoni, kwa kawaida ni ya mwanga.

Wakitaka kuona, washa kamera ya simu, ile ya mbele, elekeza kitaa cha rimoti kwenye kamera na ubonyeze. Utaona kinameremeta rangi nyeupe ya zambarau. Kamera za nyuma za simu nyingi zina kichujio kinachouzuia mwanga huo, kwa hiyo usijaribu kwa ya nyuma halafu ukasema rimoti mbovu. Mimi dukani ndiyo kipimo changu cha kwanza kabla sijafungua chochote.

---

Mama Ilham · saa 4:41 usiku

Fundi Mungu akubariki. Ilikuwa 4. Sasa nasikia mpaka nje.

---

Kijana wa Mabibo · saa 4:50 usiku

Fundi, asante sana, hilo la redio nilikuwa nalisema tangu sekondari. Swali moja: huo mwanga unabeba nini? Nikibonyeza sauti unasema "sauti"?

---

Fundi Runinga Kkoo · saa 5:15 usiku

Unabeba namba. Kila kampuni ina mtindo wake, ila uliozoeleka sana kwenye rimoti tunazouza ni ule unaoitwa NEC. Kitaa kinawaka na kuzima mara 38,000 kwa sekunde, hiyo ni ili tivii iutofautishe na mwanga wa jua na wa taa. Juu ya kule kumeremeta ndiyo ujumbe unapangwa. Unaanza na mwako mrefu wa milisekunde 9, yaani kama hodi, halafu kimya cha milisekunde 4.5, halafu namba mbili: ya kwanza ya kutambulisha kifaa, ya pili ya kitufe. Kila namba inatumwa mara mbili, ya pili ikiwa imegeuzwa, sifuri kuwa moja na moja kuwa sifuri, ili tivii ihakikishe haijasikia vibaya. Jumla biti 32.

Ukishikilia kitufe bila kuachia, rimoti hairudii ujumbe wote. Inatuma alama fupi tu ya "bado amekishika", kama kila baada ya milisekunde 110. Sasa tazama: ukishikilia sauti, inaendelea kupanda. Ukishikilia kitufe chekundu cha kuwasha, tivii haiwaki na kuzima mfululizo. Alama inayotumwa ni ileile. Tivii ndiyo inayoamua kuwa kwenye sauti niitii, kwenye umeme niipuuze. Rimoti yenyewe haijui lolote. Haijui hata kama tivii iko chumbani.

---

Dada wa Tegeta · Jumanne, saa 1:20 asubuhi

Nimesoma uzi wote kabla sijaingia kazini. Mimi naandika programu huu mwaka wa kumi na nne, na mfano wa rimoti nimeukuta kila mahali ukifundishwa nusu. Fundi hapo juu, sentensi yake ya mwisho ndiyo hotuba yenyewe, na mdogo wangu umeipita.

Kwanza kwa Kaka Msimbo. Uko sahihi kwamba `private` inaficha. Lakini inachofanya ni kulinda: asije mtu akaandika sauti kuwa hasi 500. Hiyo ni enkapsulesheni, ni ganda la rimoti kweli. Abstraksheni imekuja kabla ya ganda. Chukua tivii ya chogo aliyokuwa nayo baba yako na flati iliyopo sebuleni leo. Ndani hazina undugu. Chogo ina chupa kubwa ya kioo inayolishwa umeme wa volti 20,000 na zaidi, flati ina kioo chembamba chenye taa nyuma yake. Lakini vitufe vya rimoti zao ni vilevile: umeme, sauti, chaneli. Maana yake kuna mtu alikaa akajiuliza, anayetazama tivii anahitaji kusema mambo gani? Akachagua machache, akaacha mengine yote. Kule kuchagua na kuacha ndiko abstraksheni. Unaweza kuwa nayo bila neno `private` hata moja.

Sasa kwa kuwa ni uchaguzi, unaweza kuchaguliwa vibaya, na hapo ndipo vijana wa mwaka wa kwanza wanapotakiwa kupelekwa. Kitufe kibaya kuliko vyote kwenye rimoti ni kile chekundu.

Nieleze kwa nini. Kitufe cha umeme hakisemi "washa" wala "zima". Kinasema "geuka". Ikiwa imewaka izime, ikiwa imezima iwake. Ukiwa umekaa mbele ya tivii hakuna shida, macho yako yanakuambia iko hali gani. Lakini programu haina macho.

Miaka kadhaa nyuma niliandika programu ya kuwasha tivii sita kwenye ukumbi wa ofisi moja, saa 2 kamili asubuhi, zionyeshe matangazo ya foleni. Nilinunua kifaa kidogo cha kutuma mwanga, nikakipa ujumbe wa kitufe chekundu, na nikaandika mbinu moja, `geuzaUmeme()`. Siku ya kwanza zote sita ziliwaka. Siku ya pili mhudumu wa usafi aliwahi, akawasha mbili kwa mkono ili asikilize taarifa ya habari wakati anadeki. Saa 2 ilipofika nne zikawaka na mbili zikazima. Nikapigiwa simu kuwa tivii mbili ni mbovu. Nilifika, nikabonyeza zikawaka, nikaondoka nikiamini ni waya. Wiki hiyo nikaongeza sehemu ya kutuma ujumbe mara mbili, nikidhani mwanga wa kwanza haukufika. Mdogo wangu, fikiria kilichotokea: tivii zilizopokea ujumbe wa kwanza na wa pili ziliwaka na kuzima papo hapo. Ukumbi mzima ukawa giza.

Kosa halikuwa kwenye waya, wala kwenye msimbo wa ndani. Lilikuwa kwenye jina la kitufe. Ningekuwa na `washa()`, kuituma mara kumi kungekuwa sawa na kuituma mara moja. `geuzaUmeme()` ukiituma mara mbili ni kama hukuituma.

---

Kaka Msimbo · saa 2:02 asubuhi

Dada nimekuelewa kwa chogo na flati, hiyo sikuwahi kuifikiria hivyo. Lakini kwenye mtihani wakiuliza "taja njia ya kufikia abstraksheni" mimi bado nitaandika `private`, kwa sababu slaidi zetu ndivyo zinavyosema.

---

Dada wa Tegeta · saa 2:15 asubuhi

Andika `interface` na `abstract class`, utakuwa salama zaidi. Kuhusu slaidi sitabishana na mwalimu ambaye sijamsikia.

---

Fundi Runinga Kkoo · saa 4:30 asubuhi

Dada umenikumbusha jambo. Tivii nyingi zinazo namba mbili za ziada, moja ya kuwasha tu na moja ya kuzima tu, ila kwenye rimoti ya nyumbani hawakuweka vitufe vyake. Wanaofunga tivii za hoteli na mabaa wanazitafuta na kuzipandikiza kwenye rimoti zao maalumu. Kwa hiyo ndani uwezo upo, ila mlango haupo. Siyo tivii zote lakini. Zile za bei nafuu sana mara nyingi unakuta namba ya kugeuza peke yake.

---

Dada wa Tegeta · saa 4:48 asubuhi

Fundi, na hilo nililigundua kwa kuchelewa. Nne kati ya zile sita zilikuwa nazo. Mbili hazikuwa nazo, nikalazimika kuweka kipimo cha umeme kwenye soketi: programu inaangalia kwanza tivii inakula umeme mwingi au kidogo, ndipo iamue kubonyeza au kuacha. Kwa nje zote zikawa na `washa()` ileile. Kwa ndani njia mbili tofauti kabisa. Huo ndio mfano ningeupeleka ukumbini.

---

Mwaka wa Kwanza 2 · saa 7:10 mchana

Shikamooni. Mimi ni miongoni mwa hao themanini. Naomba niulize kabla ya Jumamosi kwa sababu ukumbini nitaogopa. Sisi tumeshasoma fanksheni. Fanksheni nayo inaficha yaliyo ndani, naita tu jina lake. Sasa abstraksheni inaongeza nini? Kila siku naambiwa ni kitu kipya, nami naona ni kilekile.

---

Kijana wa Mabibo · saa 7:25 mchana

Marahaba mdogo wangu. Aisee, swali lako ndilo lililomkwamisha yule wa mwaka jana. Mimi ningejibu kwamba abstraksheni ni ya klasi na fanksheni ni ya kawaida, lakini sasa sina uhakika. Dada?

---

Dada wa Tegeta · saa 8:40 mchana

Mwanangu umeona vizuri na usikubali mtu akuondoe hapo. Fanksheni ni abstraksheni tayari. Ulipoandika `sqrt(2)` hukujali inakokotolewaje, ulijali jibu. Siyo kitu kipya.

Kinachoongezeka ni hiki. Fanksheni moja ina jina moja na mwili mmoja. `interface` ni kikundi cha majina bila miili, na miili inaweza kuwa mingi. Unaposema "nipe kitu chochote chenye `washa()`", hujui utaletewa chogo au flati, na msimbo wako haubadiliki. Rimoti za makopo zile za Kariakoo, zinazoandikwa zinafaa tivii zote, zimesimama juu ya wazo hilo: vitufe vile vile, na ndani kuna orodha ya namba za kampuni mbalimbali. Ukiweka namba ya kampuni yako mwanzoni, umechagua mwili. Vitufe havikusogea.

---

Mwaka wa Kwanza 2 · saa 8:52 mchana

Nimeelewa. Asante sana dada. Na yule mama wa king'amuzi, sauti yake ilikuwa kwenye tivii au kwenye king'amuzi?

---

Fundi Runinga Kkoo · saa 9:05 alasiri

Kote kuwili. King'amuzi kina sauti yake, tivii ina yake, moja iko juu ya nyingine kama sufuria mbili. Vitufe vinaitwa jina moja, ila kila rimoti inazungumza na sufuria yake. Ndiyo maana namba ilipanda na asisikie. Nusu ya wateja wanaoniletea "tivii haina sauti" ni hivyo, wananilipia nauli ya bodaboda kuja kubonyeza kitufe.

---

Mwana Lugha · saa 12:15 jioni

Mimi si mtu wa kompyuta, ila neno "abstraksheni" linanikera. Tuna *dhahania*, jambo lisiloshikika. Kwa nini hotuba ya Kiswahili isiseme *udhahania*?

---

Dada wa Tegeta · saa 12:40 jioni

Ndugu yangu, dhahania inaelekeza kwenye kitu kisichoonekana, kama upendo au haki. Hapa ninachotaka mwanafunzi asikie ni tendo la kuchuja, kubakiza linalohusu na kuacha lisilohusu. Vitufe vinaonekana na vinashikika. Ningependa neno linalotoka kwenye kuchuja au kuengua, ila sijalipata linalokaa mdomoni.

---

Mwana Lugha · saa 1:03 usiku

*Uenguzi*? Kuengua ni kuondoa kilicho juu ya kimiminika, kama povu au mafuta. Anayeengua anachagua cha kuondoa.

---

Kijana wa Mabibo · saa 1:20 usiku

Mwana Lugha, hilo neno ni tamu, lakini kwenye mtihani wataliandika "abstraction" na sitaki wapate majina matatu ya kitu kimoja. Jumamosi nitasema abstraksheni, kisha nitaeleza kuwa ni kuengua. Nipeni siku moja niandike upya.

---

Mwana Lugha · saa 1:26 usiku

Unaengua povu ubakize mchuzi, au unaengua mafuta uyatumie? Yote ni kuengua. Fikiri kabla hujasema.

---

Kijana wa Mabibo · Alhamisi, saa 2:30 usiku

Wakuu, hii ni ya pili. Fundi amekubali kuniazima flati mbili ndogo za aina moja, Mungu amlipe. Nitaziweka mezani, moja imewaka, moja imezima, kabla watu hawajaingia.

> Habari za asubuhi ndugu zangu. Mnaona tivii mbili. Hii ya kushoto imewaka, ya kulia imezima. Nina rimoti moja inayozungumza na zote mbili. *(Nainyanyua.)* Nitabonyeza kitufe chekundu mara moja tu. Kabla sijabonyeza, kila mtu aandike kwenye daftari: itatokea nini? *(Nusu dakika. Nisiharakishe.)*
>
> *(Nabonyeza. Zinabadilishana.)* Ya kushoto imezima, ya kulia imewaka. Nani aliandika hivyo? Nani alidhani zote zitawaka? Usione aibu, kitufe chenyewe kimekudanganya. Tunakiita kitufe cha kuwasha, na hakiwashi. Kinageuza.
>
> Rimoti hii inatoa mwanga usioonekana, na ndani ya mwanga kuna namba. *(Kamera ya simu, niwaonyeshe wa mbele.)* Namba iliyokwenda kushoto ndiyo iliyokwenda kulia. Rimoti haijui tivii ipi imewaka. Haipokei jibu. Ina mdomo, haina masikio.
>
> Sasa tuandike alichotuahidi aliyetengeneza rimoti hii.

```java
interface Runinga {
    void geuzaUmeme();
    void ongezaSauti();
    void nendaChaneli(int namba);
}
```

> Hapa hakuna mwili. Hakuna kioo, hakuna saketi, hakuna hata kusema ni chogo au flati. Kuna mtu alitazama mambo elfu yanayotokea ndani ya tivii, akabakiza haya matatu, mengine akayaacha. Kubakiza na kuacha huko ndiko kunaitwa abstraksheni. Fanksheni mliyosoma wiki ya tatu ilikuwa inafanya hivyohivyo kwa jambo moja. Hii inafanya kwa kikundi, na inaruhusu miili mingi.
>
> Tumpe kazi mtu wa ukumbi: saa 2 asubuhi tivii zote ziwe zimewaka. Ana `geuzaUmeme()` peke yake. Anaweza? *(Nasubiri. Atakayesema "ataangalia kwanza", nimuulize: kwa kitufe kipi?)* Hawezi. Siyo kwamba tivii haiwezi kuwaka. Orodha yetu haikumpa njia ya kusema anachotaka. Tubadili mstari mmoja.

```java
interface Runinga {
    void washa();
    void zima();
    void ongezaSauti();
    void nendaChaneli(int namba);
}
```

> Sasa akisema `washa()` kwa iliyozima, inawaka. Kwa iliyowaka, inabaki imewaka. Akisema mara tatu kwa wasiwasi, hakuna kinachoharibika. Kumbukeni: hatujagusa tivii. Tumebadili kile tulichochagua kubakiza.
>
> Lakini ahadi lazima ilipwe. Tivii nyingine inazo namba mbili ndani, ya kuwasha na ya kuzima, hiyo italipa kwa urahisi. Nyingine ina namba ya kugeuza tu. Hiyo tutaifungia kipimo cha umeme, iangaliwe kwanza kama imewaka. Klasi mbili, jina moja la mbinu, kazi ya ndani tofauti. Na kama hatuna kipimo? Basi hatuna haki ya kuahidi `washa()` kwa tivii ile.

Nimesoma mara tatu nikiwa na saa mkononi. Inafika dakika sita na nusu bila maswali. `private` sijaitaja kabisa. Nimejizuia pia kuingiza king'amuzi cha Mama Ilham, ingawa naupenda mfano ule. Nitautunza kwa maswali.

---

Dada wa Tegeta · saa 3:05 usiku

Hii sasa ni hotuba. Nina neno moja: pale mwisho, "hatuna haki ya kuahidi", pasome polepole, utulie baada yake. Wengi watakuja kuandika mbinu inayoitwa `washa` ambayo ndani inageuza, na jina zuri litakuwa linadanganya kuliko lile baya.

---

Fundi Runinga Kkoo · saa 3:22 usiku

Hakikisha dirisha liko nyuma ya tivii, siyo mbele. Jua la asubuhi likipiga kile kijicho cha kupokelea, moja inaweza isisikie na jaribio lako likavurugika. Na ziweke karibu, mwanga uzifikie zote kwa mkono mmoja. Fanya jaribio mara tano Ijumaa jioni hapohapo ukumbini. Ikitokea moja tu imegeuka, unajua mwanga haukufika.

---

Kaka Msimbo · saa 3:40 usiku

Nakubali hii ni bora kuliko ya kwanza. Bado nadhani ungeweka `private` hata kwa sentensi moja, watakuja kuulizwa.

---

Kijana wa Mabibo · Jumamosi, saa 9:15 alasiri

Nimemaliza. Tivii zilibadilishana jaribio la kwanza, ukumbi ukapiga kelele. Kati ya madaftari niliyopita kuyaona, wengi walikuwa wameandika "zote zitawaka". Mwaka wa Kwanza 2 alijitambulisha mwisho, na aliuliza mbele za watu, hakuogopa.

Ila kuna dada mmoja ameniachia swali ambalo nimerudi nalo. Alisema: kitufe cha kunyamazisha sauti nacho kinageuza. Ukibonyeza inanyamaza, ukibonyeza tena inarudi. Mbona hicho hakuna anayekilalamikia, na kwenye programu nyingi kimeachwa hivyohivyo? Nilimjibu kwamba labda kwa sababu tivii inaonyesha alama ya kunyamaza kwenye kioo, kwa hiyo mtu anaiona hali. Akasema, hata umeme hali inaonekana, kioo kimewaka au kimezima. Sikuwa na jibu.

---

Dada wa Tegeta · saa 10:02 alasiri

Swali zuri sana. Nadhani linahusu gharama ya kukosea: ukikosea kunyamazisha unabonyeza tena, umepoteza sekunde moja. Ukikosea umeme wa ukumbi saa 2 asubuhi, hupo pale ubonyeze tena. Lakini hapo natetea kitufe kwa kumtazama anayekitumia, na mwanzoni nilikilaumu chenyewe. Ngoja nilifikirie.

---

Fundi Runinga Kkoo · saa 10:30 alasiri

Mimi niongeze: zipo tivii ukiinyamazisha halafu ukabonyeza kupandisha sauti, inajifungua yenyewe. Nyingine haijifungui, namba inapanda na kimya kinabaki. Kitufe kilekile. Muulize huyo dada yeye angechagua ipi.